Usichome Picha! Hivi Ndivyo Unaprinti Kwa Karatasi ya Glosi Bila Wino Kupakaa

Hii story huwa siipendi, lakini acha niwape, juu bila hiyo hamtaelewa kwa nini niko serious hivi na karatasi.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua ya Nairobi imekolea, nikifanya kazi kwa kasaiba kadogo mtaani. Saa mbili usiku, nikiwa karibu kufunga, akaingia mathe mmoja na binti yake. Walikuwa wamefiwa na mzee. Basi ya kuelekea shags ilikuwa inang'oa saa kumi usiku huo huo, na walitaka picha moja ya A4 ya kuwekwa juu ya jeneza. Fremu ya kioo walikuwa wameshanunua.

"Kijana wangu, fanya ikae vizuri," mathe akaniambia. "Hii ndio watu watamuaga nayo."

Nikamwambia, "Pole sana mama, keti hapo, nitaifanya saa hii."

Nikachoma karatasi tatu. Ya kwanza wino ulitoka ukasimama juu kama supu. Ya pili rangi zilikaa poa, lakini nilipogusa nywele za mzee, kidole kikatoka cheusi. Ya tatu ilitoka safi kabisa, nikaifuta kwa upole, nikaiweka kwa fremu, nikafunga, nikawapea. Nikaenda kulala nikijiona mnoma.

Saa tatu asubuhi simu ikalia. Ni binti. "Kaka, picha imeshikana na kioo. Upande wa uso umebadilika, na ndani kuna ukungu."

Watu walikuwa wameshafika kwa boma. Sikuwa na la kufanya. Niliwarudishia pesa yao wiki iliyofuata, lakini mazishi hayarudiwi.

Karatasi tatu, makosa matatu tofauti. La kwanza ni upande, la pili ni setingi, la tatu ni muda wa kukauka. Na yote matatu yanatoka kwa kitu kimoja ambacho hakuna mtu alikuwa ameniambia: picha ya glosi haipakwi wino juu, inakunywa wino. Ukielewa inakunywa vipi, hutawahi kuchoma picha tena.

Karatasi ina mdomo upande mmoja tu

Karatasi ya kawaida, ile ya fotokopi, ni nyuzi za mti tu. Ukiitonea wino, wino unatambaa kwa nyuzi, ndio maana picha kwa karatasi hiyo hukaa imefifia na mistari haina makali. Karatasi ya glosi imepakwa tabaka jembamba sana upande mmoja, na hilo tabaka ndilo linapokea tone la wino na kulishika papo hapo lilipoanguka. Ndio maana rangi inawaka.

Upande wa nyuma hauna tabaka hilo. Kwa karatasi zingine nyuma ni karatasi tu, kwa zingine ni plastiki. Kama ni plastiki, wino hauna pa kuingia. Unabaki juu, unakusanyika vidimbwi, na unaweza kuungoja hadi kesho usikauke. Hiyo ndio supu niliyoiona usiku ule.

Sasa utajuaje upande? Mchana ni rahisi: inamisha karatasi kwa mwanga, upande unaong'aa kama kioo ndio wa kuprinti. Nyuma mara nyingi ni nyeupe iliyofifia, na kampuni zingine huchapa jina lao huko. Shida ni usiku chini ya balbu ya kibanda, ama ukiwa na karatasi ya glosi nusu ambayo pande zote zinakaa kufanana. Hapo tumia kidole. Kilowanishe kidogo sana, kisha gusa pembe ya karatasi kila upande. Upande wenye tabaka utanata kidole kidogo. Upande wa nyuma utateleza tu. Gusa pembe peke yake, juu hapo mahali umegusa patabaki na alama.

Kuna karatasi za glosi za pande mbili, lakini pakiti yake itakuwa imeandikwa. Kama haijaandikwa, chukulia ni upande mmoja.

Halafu kuna mtego wa pili. Umejua upande, lakini unaiweka ikiangalia wapi? Printa ambayo karatasi inaingilia nyuma ikiwa imesimama, kama Epson L3250, upande unaong'aa unakuangalia wewe. Printa yenye droo ya chini mbele, ambapo karatasi inapinduka ndani kabla kutoka, upande unaong'aa unaangalia chini. Kama ni mashine ya mtu na hujui, usikisie. Chukua karatasi ya kawaida, piga X kwa penseli upande unaokuangalia, iweke, na uprinti neno moja. Maneno yakitokea upande wa X, basi glosi itawekwa vivyo hivyo. Hiyo testi inakugharimu karatasi ya shilingi chache. Glosi ya A4 ni bei ingine.

Na kabla hujaweka chochote, angalia ni printa gani. Glosi ya wino usiiweke kwa mashine ya leza, zile kubwa za fotokopi. Leza huyeyusha unga kwa joto kali, na tabaka la hiyo karatasi linaweza kuyeyuka na kushikana na roli ya ndani. Hapo hutanunua karatasi ingine, utanunua kifaa. Kuna glosi za leza, na zinauzwa zikiwa zimeandikwa hivyo.

Setingi ya karatasi kwanza, ubora baadaye

Hapa ndio wasee wengi huanguka, hata wale wa saiba za miaka mingi. Mtu anaona picha mbaya, anaenda kwa ubora anaweka `High`, anaprinti tena, inatoka mbaya zaidi. Anasema ni karatasi feki. Kumbe kuna mahali hakugusa.

Ukifungua `Printer Properties` ama `Preferences`, kuna sehemu mbili tofauti. Moja inauliza ni karatasi ya aina gani: Epson na HP huiita `Paper Type`, Canon huiita `Media Type`. Ingine inauliza ubora: `Draft`, `Standard` na `High`, ama `Best` kwa HP. Kitu cha kujua ni kwamba printa haioni karatasi. Haijui kama umeiwekea glosi ama gazeti. Inaamini kile umeiambia. Na jibu la ile ya kwanza ndilo linaamua imwage wino kiasi gani na itumie wino upi.

Ukiacha `Plain Paper`, ambayo ndio huwa imewekwa kama hujagusa kitu, printa inapima wino wa karatasi ya nyuzi. Kiasi hicho hakilingani na tabaka la glosi. Sehemu zingine zitakaa zimepauka, zingine zitakuwa na madoa, na kivuli kinageuka tope.

Lakini shida kubwa iko kwa wino mweusi. Kuna wino wa aina mbili. Kuna ule ambao rangi imeyeyuka kabisa ndani ya maji, kama soda. Huo unaingia kwa tabaka bila maneno. Na kuna ule ambao rangi ni unga laini sana unaoelea ndani ya maji, tuseme kama uji mwepesi. Huo ni mzuri kwa maandishi kwa karatasi ya kawaida, juu unga unabaki juu na herufi zinakuwa nyeusi tititi. Kwa glosi ya kawaida, huo unga unakaa juu ya tabaka kama vumbi la mkaa kwa kioo. Hata ukauke, kidole kinaubeba.

Printa nyingi za tanki zina rangi tatu za kuyeyuka, lakini chupa nyeusi ni ya unga. Canon za mfululizo wa G na Smart Tank za HP nyingi ziko hivyo. Epson L3250 chupa zote nne ni za kuyeyuka. Ukiwa na ile ya weusi wa unga na umechagua karatasi ya picha, printa yenyewe inaacha ile chupa nyeusi na kutengeneza weusi kwa kuchanganya zile rangi tatu. Ukiacha `Plain Paper`, inamwaga ule unga. Sasa mnaona zile nywele za mzee zilitoka wapi. Mashine ilifanya vile iliambiwa.

Kwa hivyo anza na aina ya karatasi. Kwa Epson chagua `Epson Premium Glossy` ama `Photo Paper Glossy`. Kwa Canon chagua `Glossy Photo Paper` ama ile `Photo Paper Plus Glossy II`. Karatasi yako ikiwa ya kampuni ingine, angalia kama pakiti imeandikwa setingi ya kutumia. Kama haijaandikwa, anza na ile ya glosi ya kawaida, sio ile ya juu kabisa, juu glosi za bei nafuu hazinywi wino mwingi kama za kampuni yenyewe. Ukiona weusi unameremeta kama umelowa hata baada ya dakika kumi, shuka setingi moja ya chini.

Ukimaliza hapo ndio uguse ubora. `High` haimaanishi tu wino mwingi. Printa inapita mahali pamoja mara nyingi zaidi, na inasogea polepole. Kwa sura ya mtu A4, weka `High`. Kwa picha ndogo za 4 kwa 6 za birthday, `Standard` na setingi sahihi ya karatasi itakutosha, na kwa macho ya kawaida tofauti ni ndogo. `Draft` usiiguse kwa glosi, itakuachia mistari.

Kama sura ina mistari myembamba ya kulala hata kwa `High`, hiyo sio setingi. Kuna vitundu vya wino vimeziba. Fanya `Nozzle Check` kwa karatasi ya kawaida, na kama mistari ya testi imekatika, safisha kichwa cha printa kabla hujaweka glosi ingine.

Na kitu kingine cha haraka: picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa. Mwambie mtu aitume kama dokumenti. Kwa 4 kwa 6 unahitaji pikseli kama 1200 kwa 1800 ndio itoke kali. Hakuna karatasi itarudisha makali ambayo hayako kwa faili.

Imekauka kwa mkono haimaanishi imekauka

Hapa sasa ndio kosa lililonichoma kabisa, juu picha ya tatu ilikuwa sawa. Ilikuwa upande wake, setingi yake, imetoka safi. Niligusa pembe, haikunishika. Nikasema imekauka.

Wino wa printa sio maji tu na rangi. Umewekewa vitu vya majimaji vizito vinavyozuia usikauke ndani ya vile vitundu vidogo. Ukishaanguka kwa karatasi, maji yanaondoka haraka, dakika chache tu, na mkono unahisi pakavu. Vile vizito vinabaki ndani ya tabaka na kutoka polepole kama mvuke, masaa mengi. Ukiifungia picha nyuma ya kioo kabla vimetoka, havina pa kwenda. Vinatua kwa kioo kama ukungu. Na tabaka likiwa bado laini, linashikana na kioo pale linapogusa. Mahali likishikana halitoki bila kung'oa picha.

Ongeza mvua. Hewa ikiwa na unyevu, kila kitu kinachelewa. Mwezi wa nne Nairobi, ama karibu mwaka mzima ukiwa Mombasa, picha ya dakika kumi inachukua zaidi.

Hii ndio ratiba natumia siku hizi. Picha ikitoka, naishika kwa kingo na kuilaza, uso juu, peke yake. Siachi ziangukiane kwa trei ya printa, juu ya pili itaburuta uso wa ya kwanza. Inakaa dakika 15 bila kuguswa. Halafu nachukua karatasi safi ya fotokopi, naiweka juu ya uso wa picha polepole, bila kusugua, inakaa dakika 15 zingine. Hiyo karatasi inavuta unyevu uliobaki. Ukiitoa na unaipata imejikunja kama mawimbi, weka ingine mpya. Kisha picha inakaa wazi kwa hewa. Ya kupeana kwa bahasha, inatosha masaa machache ikiwa na karatasi katikati ya kila picha. Ya kuingia kwa albamu ama nyuma ya kioo, masaa 24. Mvua ikinyesha, naongeza.

Usiianike juani, jua hupausha huo wino wa kuyeyuka. Usiipige na draya ya nywele ya moto pia, karatasi itajikunja. Feni ya mbali inayozungusha hewa ya chumba ni sawa.

Ukiona hivi, jua ni hivi

Wakati mwingine picha imeshachafuka na unataka kujua kosa ni gani, usirudie lile lile.

Wino umesimama vidimbwi picha nzima na haukauki kabisa: ni upande wa nyuma. Rangi ziko sawa lakini weusi peke yake unatoka kwa kidole: ni `Plain Paper` na ile chupa ya unga. Picha nzima inanata na weusi unameremeta: wino ni mwingi kuliko tumbo la karatasi, shusha setingi. Kuna michirizi ya wino kwenye kingo za karatasi pekee, hasa mwanzo na mwisho: karatasi imejikunja, na kichwa cha printa kinaigusa kikipita. Ikunje taratibu upande wa pili hadi ilale sawa, na uweke moja moja. Kwa Epson pia unaweza kutoa tiki kwa `High Speed` ama `Bidirectional Printing`. Printa itachapa ikielekea upande mmoja tu, na matone yatakaa kwa mstari.

Glosi nyepesi za bei ya chini hujikunja sana, juu ndani yake ni karatasi tupu, na ikinywa wino upande mmoja inavuta. Rarua pembe ya mbovu uangalie: ikiraruka rahisi na nyuzi zinaonekana, ni hiyo. Ikigoma na kuvutika kama plastiki, ni ile nzito yenye plastiki pande mbili, na ndio hutulia vizuri kwa fremu.

Na kama masaa 24 hayako?

Hilo ndilo swali, juu mtu wa matanga hakuji wiki mbili mapema. Mwaka uliofuata nilipata kazi karibu kama ile. Jamaa alikuja saa kumi na mbili jioni, basi ni saa nne usiku, picha ya nyanya yake, A4, na fremu ya kioo mkononi.

Safari hii nilimwambia ukweli kwanza. "Bro, picha utaipata, lakini kioo hakitaingia leo."

Nikagusa pembe kwa kidole, nikajua upande. Nikapiga X kwa karatasi ya kawaida. Nikafanya `Nozzle Check`. Nikaweka karatasi ya picha kwa setingi, ubora `High`, nikaprinti moja ndogo ya 4 kwa 6 ya sura peke yake ili nione rangi kabla ya kutumia A4. Ile kubwa ilitoka saa kumi na mbili na nusu. Dakika 15 wazi, dakika 15 na karatasi juu, nikaangalia, nikaweka ingine. Kisha ikakaa wazi hadi saa tatu na nusu.

Nikatoa kioo kwa fremu. Nikakifunga kwa gazeti, peke yake. Picha nikaiweka kwa fremu bila kioo, na juu nikafunika karatasi safi ya fotokopi isiguswe njiani. Nikamwonyesha: "Ukifika, toa hii karatasi. Itakaa kwa jeneza hivi hivi, hakuna mtu atajua. Usiiache inyeshewe. Kioo weka kesho kutwa, na uweke vipande vya kadi nyembamba kwa kingo ili kisiguse picha."

Njia ingine, kama kuna studio karibu iliyo na ile mashine ya utepe na joto, mpeleke huko. Hizo picha zinatoka zimekauka na zimefunikwa tayari, unaweza kuziweka kwa kioo saa hiyo hiyo. Nyingi ni za saizi ndogo tu, kwa hivyo uliza kabla ya kutembea.

Jamaa alinitumia picha Jumamosi jioni. Fremu iko juu ya jeneza, haina kioo, na nyanya anacheka. Nywele zake nyeupe, kitambaa cheusi. Weusi haukuwa umetoka hata kidogo.